Kisengerenyuma katikati ya mbio: namna ya kuleta yaliyopita pale hasa yanapoongeza taharuki

Msomaji anayemfuata mhusika anayekimbizwa ana swali moja tu kichwani: atakamatwa au atapona? Kila sentensi inayomrudisha nyuma, kwenye utoto wa mhusika au kwenye usiku fulani wa mwaka juzi, inamwomba aliweke swali hilo kando kwa muda. Atakubali kwa sharti moja, kwamba akirudi alikute swali limekuwa zito kuliko alivyoliacha. Sharti hilo likivunjwa mara mbili, mara ya tatu ataruka aya nzima na kutafuta mahali mbio zinapoendelea.

Mwongozo huu unahusu namna ya kulitimiza sharti hilo. Nitatumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kisengerenyuma, au mbinu rejeshi kama wengine tulivyofundishwa kuiita, hakieleweki nje ya mbio kinamoingia. Kisa ni cha kubuni lakini njia yake ni ya kweli: kutoka Kariakoo hadi kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, na kuvuka hadi Kigamboni.

Rehema ni karani katika duka la jumla la vitenge. Ameondoka dukani na daftari la hesabu kwapani. Mwanamume mwenye shati la buluu anamfuata. Daftari linathibitisha kwamba moto ulioteketeza bohari la tajiri wake uliwashwa makusudi ili bima ilipe, na katika moto huo alikufa mlinzi, Mzee Kombo. Anayemfuata ni Idi, mtoto wa mjomba wake, waliyelelewa pamoja. Haya yote mimi na wewe tunayajua sasa. Msomaji wa hadithi hajui hata moja, na kazi yetu ni kuamua atajua lipi, akiwa wapi.

Kwanza, andika mbio zenyewe bila kumbukumbu yoyote

Chukua karatasi na uandike mbio kama zingeonekana na mtu aliyekaa dirishani, asiyemjua Rehema wala Idi. Usiandike "alikumbuka" hata mara moja. Kwa kisa chetu rasimu hiyo ina vituo hivi: Rehema anapenya katika msongamano wa Mtaa wa Kongo, anafuata Mtaa wa Uhuru hadi Mnazi Mmoja, ambako kuna askari wa trafiki, anapita Mnara wa Saa na kuingia Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu ya Askari anageukia chini kuelekea baharini, anajificha chini ya meza katika soko la samaki la Feri, anawahi kivuko, anashuka Kigamboni na kwenda nyumbani kwa bibi yake Mjimwema.

Rasimu hii tupu ina kazi mbili. Inakuonyesha kama mbio zako zina uhai wenyewe, maana mbio dhaifu haziokolewi na kumbukumbu. Na inakuonyesha mahali ambapo mkimbizwa analazimika kuchagua. Pitia rasimu na utie alama kila panapo uamuzi. Kwetu ni panne: kumwendea trafiki au kumpita, kugeuka kumtazama anayemfuata au kutogeuka, kutoka chini ya meza na kulitoa daftari au kubaki, kwenda kwa bibi au kwenda kwingine. Vituo visivyo na uamuzi, kama Mtaa wa Kongo wenyewe, acha viwe mbio tu. Hapo mtu anakimbia, anagonga mabega ya watu, anatukanwa na mwenye mkokoteni, basi.

Kumbukumbu huingia mahali pa uamuzi kwa sababu hapo ndipo msomaji mwenyewe anapouliza kitu. Rehema anapomwona trafiki, msomaji anasema moyoni, "Mwambie huyo askari!" Asipomwambia, msomaji anataka kujua kwa nini. Ukimjibu pale pale, kwa jibu linalozidisha hatari, umemlipa kwa kumrudisha nyuma. Ukimjibu kurasa 10 kabla, alikuwa hajauliza. Ukimjibu kurasa 10 baadaye, tayari ameshaamua kwamba Rehema ni mjinga, au kwamba mwandishi amesahau.

Pili, vunja yaliyopita yawe ukweli mmoja mmoja

Waandishi wengi huanza na tukio zima la zamani, lenye mwanzo na mwisho, kisha hutafuta mahali pa kulichomeka. Tukio zima ni zito mno kwa mtu anayekimbia. Badala yake, andika orodha ya sentensi fupi, kila moja ikibeba ukweli mmoja kuhusu yaliyopita. Ya Rehema ilikuwa na mambo haya: baba yake alifariki akiwa darasa la tano, tajiri alimpa kazi kwa sababu ya hati yake nzuri ya mkono, takwimu za uongo ndani ya daftari aliziandika yeye, Idi ni ndugu yake, usiku wa moto alisikia mlinzi akigonga kutoka ndani, akanyamaza, utotoni yeye na Idi walikuwa wakienda kwa bibi Mjimwema kila likizo, tajiri ana mke wa pili Morogoro.

Sasa ulize kila sentensi swali hili: msomaji akilijua jambo hili, ataiogopa hatua inayofuata zaidi? Kifo cha baba hakibadilishi lolote kuhusu hatua inayofuata, kwa hiyo kinatoka. Kinaweza kurudi katika sura tulivu, baada ya mbio. Mke wa Morogoro anatoka. Kazi kwa sababu ya hati nzuri imemezwa na ile ya takwimu za uongo, zinaungana kuwa moja. Zinabaki nne, na kwa mbio za kurasa 12 hadi 15 nne zinatosha kabisa. Zikizidi sita, hadithi yako huenda ni ya yaliyopita, na mbio ni fremu tu. Si vibaya, lakini ni kazi nyingine yenye masharti yake.

Kutoa ni kugumu hasa pale jambo la zamani linapokuwa zuri lenyewe. Mtu ameandika aya tamu kuhusu baba na baiskeli yake, hataki kuitupa. Usiitupe, iweke pembeni. Lakini usiiache ndani ya mbio kwa sababu ya utamu wake, maana msomaji aliyeshikwa na hofu hana ulimi wa kuuonja.

Tatu, oanisha ukweli na uamuzi

Weka orodha mbili mbele yako, ya maamuzi na ya ukweli, uunganishe kwa mistari. Takwimu za uongo zinakwenda kwa trafiki, kwa sababu zinaeleza kwa nini Rehema hawezi kumwendea askari: akilitoa daftari anajitoa na yeye mwenyewe. Undugu na Idi unakwenda Samora, panapo swali la nani anamfuata. Usiku wa moto unakwenda chini ya meza ya samaki. Likizo za Mjimwema zinakwenda kwenye kivuko.

Angalia mpangilio uliojitokeza. Wa kwanza unafunga mlango wa msaada. Wa pili unampa adui sura ya nyumbani. Wa tatu unamwonyesha Rehema akiwa na hatia, na kumfanya asiweze kujisalimisha. Wa nne unageuza mahali pa usalama kuwa mtego. Kila mmoja unapunguza njia za kutokea, na kila mmoja unaingia ndani zaidi ya moyo wa mhusika kuliko uliotangulia. Ukipata mpangilio ambamo ukweli wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, badilisha nafasi zake au uhamishe uamuzi wenyewe kwenye mbio. Ndiyo maana tuliandika rasimu tupu kwanza: ni rahisi kumhamisha trafiki kutoka Mnazi Mmoja hadi Samora kuliko kuandika upya utoto wa mtu.

Kuna suala la uaminifu hapa ambalo wasomaji hawalisamehi. Tuko ndani ya kichwa cha Rehema, na Rehema anajua yote tangu hatua ya kwanza. Kwa nini basi msomaji anayapata kwa mafungu? Ukimficha msomaji jambo ambalo mhusika analifikiria waziwazi, umemdanganya. Njia ya haki ni kumfanya Rehema awe na sababu ya kutolifikiria. Hataki kukumbuka usiku wa moto. Kila unapomkaribia anaukwepa, na msomaji aone akiukwepa. Mapema, Mtaa wa Kongo, muuza mkaa anapopita na gunia, Rehema anavuka upande wa pili wa barabara bila maelezo. Hiyo ni sentensi moja, haisimamishi chochote, lakini kumbukumbu ya moto ikija baadaye msomaji atajua kwamba ilikuwapo muda wote, ikisukumwa mbali.

Nne, pima urefu kwa pumzi ya mhusika

Mtu anayekimbia kwa kasi ana nafasi ya sentensi moja ya kumbukumbu, pengine mbili. Anayetembea haraka akijificha katika umati anaweza kubeba nne au tano. Aliyejibanza mahali, asiyeweza kusogea, anaweza kubeba aya nzima. Kipimo hiki kinaokoa waandishi wengi, kwa sababu hakihitaji hisia za kisanii: mtazame mhusika, ujiulize mapafu yake yanafanya nini.

Mnazi Mmoja, Rehema anatembea haraka na angeweza kubeba zaidi, lakini sentensi moja inatosha:

*Trafiki alisimama kivulini, mkono juu, magari yametii. Hatua kumi tu. Rehema akapiga mbili, akalibana daftari kwapani, na kona yake ngumu ikamchoma ubavuni. Kila tarakimu ya uongo iliyomo humo ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake. Akampita trafiki bila kumtazama.*

Yaliyopita ni sentensi ya nne peke yake. Haikuanza na "alikumbuka". Ilifunguliwa na kona ya daftari iliyochoma ubavu, yaani na kitu kilichomo ndani ya mbio zenyewe, na ikafungwa na tendo. Msomaji amepata sababu na matokeo bila kusimama.

Samora, Rehema anakimbia kweli, na hapa ndipo ningeshauri ubane zaidi kuliko unavyodhani inawezekana:

*Mluzi ukapigwa nyuma yake: mfupi, mrefu, mfupi. Hakuhitaji kugeuka. Mluzi ule babu yao aliwafundisha watoto wawili tu, na mmoja alikuwa yeye.*

Hatukusema Idi ni nani, walilelewa wapi, wala uhusiano wao uliharibikaje. Tumesema tu kwamba hatari inatoka nyumbani, na hilo linatosha kumfanya msomaji apate baridi. Maelezo ya ukoo, kwamba Idi ni mtoto wa mjomba, yanaweza kuja kwa neno moja katika mazungumzo baadaye.

Tano, jenga mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea

Kituo cha tatu ndicho kinachobeba kisengerenyuma kirefu, kwa hiyo nitakaa hapo. Rehema yuko chini ya meza katika soko la Feri. Idi anatembea kati ya meza akiita kwa sauti ya upole: "Mdogo wangu, nipe daftari tu. Nipe, tukale ubwabwa nyumbani." Msomaji anaanza kufikiri kwamba pengine alitoe tu. Daftari ni karatasi, na uhai ni uhai. Hapo hasa ndipo usiku wa moto unapotakiwa:

*Moshi wa mafuta ya samaki ukashuka chini ya meza. Rehema akaziba pua kwa kanga. Usiku ule pia alikuwa ameziba pua kwa kanga, amesimama ng'ambo ya mtaa kati ya watu waliotoka na ndoo. Watu walikuwa wakisema bohari ni tupu, tajiri amewaondoa vijana wote tangu magharibi. Mlango wa chuma ukagongwa kutoka ndani. Ukagongwa tena. Mapigo matatu, kama Mzee Kombo alivyogonga kila alfajiri kumwita muuza kahawa. Rehema akafungua mdomo, akamwona tajiri akimtazama, akaufunga. Mapigo yakawa mawili. Yakawa moja.*

*"Mdogo wangu," Idi akasema, na viatu vyake sasa vilikuwa upande huu wa meza.*

Mlango wa kuingilia ni moshi na kanga. Moshi upo kwa sababu wakaanga samaki wapo Feri. Sikuuleta kwa ajili ya kumbukumbu. Tendo la kuziba pua ni lile lile katika nyakati zote mbili, na msomaji anavuka juu yake bila kujikwaa. Unapotafuta mlango wa namna hii, tafuta kwanza kitu ambacho mwili wa mhusika unakifanya tayari: kushika, kunusa, kuumia, kubana pumzi. Picha iliyoonekana ukutani au wimbo uliosikika redioni ni milango iliyochakaa, na mara nyingi huonekana imewekwa hapo na mwandishi.

Mlango wa kutokea ndio unaosahaulika. Wengi hurudi kwa sentensi kama "Rehema alizinduka kutoka katika mawazo yake", na dunia inakuwa imesimama ikimsubiri. Hapa dunia haikusubiri. Alipoingia kwenye kumbukumbu viatu vya Idi vilikuwa mbali, alipotoka, vimefika. Kumbukumbu imemgharimu muda, na gharama hiyo msomaji anaiona kwa macho. Jiwekee sharti kwamba baada ya kila kisengerenyuma kinachozidi sentensi tatu, kitu fulani katika mbio kiwe kimebadilika, na kimebadilika kuwa kibaya: umbali umepungua, mwanga umezimika, njia imefungwa, mtu wa pili ametokea.

Angalia pia kwamba kumbukumbu ilikatwa kabla ya kifo. Hatukuona mlango ukifunguliwa wala mwili ukitolewa. Msomaji amehesabu mapigo mwenyewe hadi moja, na sifuri analijua. Ukimaliza tukio la zamani hadi mwisho, msomaji anapumua; ukilikata karibu na mwisho, anarudi kwenye mbio akiwa bado amebana pumzi ya kule.

Sita, tumia viambishi vya nyakati kubadili kasi

Kiswahili kinatupa nyenzo nzuri sana kwa kazi hii. Kiambishi -ka- ndicho injini ya mbio: *akageuka, akaruka, akaanguka, akainuka*. Kila tendo linasukumwa na lililotangulia. Kwa hiyo hadithi ya kukimbizana huenda vizuri kwa -li- mwanzoni mwa fungu, kisha mlolongo wa -ka-.

Ukiingia zamani, msomaji anahitaji alama kwamba tumerudi nyuma ya -li-. Alama hiyo ni *alikuwa ame-*, kama katika "alikuwa ameziba pua kwa kanga". Itumie katika sentensi ya kwanza, pengine na ya pili, kisha iache na urudi kwenye -li- na -ka- za kawaida. Msomaji ameshaelewa yuko wapi. Ukiing'ang'ania katika aya nzima, *alikuwa amesimama, alikuwa amesikia, alikuwa amefungua*, sentensi zinarefuka na kuchosha, na kumbukumbu inakosa uhai hata kama tukio lenyewe ni la kutisha.

Ndani ya kumbukumbu, chagua kati ya -ki- na -ka- kwa kujua unachotaka. *Walikuwa wakisema, walikuwa wakishindana* hutandaza hali: mazoea, hali ya hewa ya nyumbani, utoto. *Ukagongwa, akafungua, akaufunga* huharakisha. Katika kumbukumbu ya moto nilianza na -ki- kwa ajili ya watu wenye ndoo, nikahamia kwenye -ka- mara mlango ulipogongwa, ili kumbukumbu yenyewe iwe na kasi ya mbio. Msomaji anaporudi chini ya meza, mwendo haujashuka.

Wapo wanaopendelea kuandika mbio zote kwa -na-, *anakimbia, anageuka, anaanguka*, na kuiachia zamani -li- peke yake. Mpaka kati ya nyakati mbili unakuwa wazi kabisa, hilo ni kweli. Lakini unapoteza mlolongo wa -ka- pale unapouhitaji zaidi, na baada ya kurasa chache *ana-, ana-, ana-* inaanza kugonga masikioni. Kwa hadithi fupi ya kurasa tano ningekubali. Kwa sura ndefu au riwaya, ningebaki na -li- na -ka-.

Saba, kumbukumbu tamu mahali pa hatari

Kituo cha mwisho kinafanya kazi kinyume na vingine. Rehema ameingia kwenye kivuko, Idi amebaki ukingoni. Taharuki imeshuka, na msomaji anadhani amepumzishwa. Mahali pa kupumua kama hapa panafaa kumbukumbu yenye furaha, mradi furaha hiyo ibebe hatari ndani yake:

*Mlango wa kivuko ukapanda, maji yakafunguka kati yao. Idi alibaki ukingoni na shati lake la buluu. Rehema akacheka, kicheko kilichomponyoka. Aliyeachwa na kivuko ameshindwa, ndiyo ilikuwa sheria. Kila likizo walikuwa wakishindana kutoka kituo cha basi hadi getini, na aliyechelewa alisubiri safari nyingine huku mwenzake akitangulia Mjimwema, kwa bibi, kuchagua upande wa kitanda na kipande kikubwa cha muhogo. Njia nyingine ya karibu haikuwepo.*

*Idi hakuwa akikitazama kivuko. Alikuwa amekwea nyuma ya bodaboda, simu sikioni, na bodaboda ikageuka kuelekea Kurasini, darajani.*

Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Rehema alipokuwa mtoto halikuwepo, na kumbukumbu yake inamrudisha kwenye sheria ambayo imekwisha muda wake. Msomaji anaambiwa kwa pumzi moja mambo mawili: Idi anajua hasa anakokwenda, na bahari haimzuii tena. Na anayajua kabla ya Rehema, kwa sababu Rehema bado anacheka.

Lakini msomaji wa Kisumu au Lubumbashi hana lazima ya kujua kwamba daraja lipo. Ukisubiri kumweleza hapa, utalazimika kusimamisha pikipiki ili utoe somo la jiografia. Kwa hiyo rudi Kariakoo, kituo cha kwanza, umweke dereva wa bodaboda akiwaita abiria: "Kigamboni kwa darajani, dada, hakuna foleni!" Rehema anamkatalia, kwa sababu amezoea kivuko. Sentensi mbili hizo zinaonekana kama kelele za mtaa tu, na kurasa 10 baadaye zinakuwa tanzi. Kila kisengerenyuma kinachotegemea hali ya sasa kinahitaji mbegu ya namna hiyo, iliyopandwa mapema kwa wakati uliopo, mbali kiasi cha kusahaulika kidogo lakini si kupotea.

Kama unatumia njia halisi kama hii, ipite mwenyewe saa ile ile ambayo hadithi inatokea. Foleni ya kivuko na foleni ya barabarani zinaamua kama Idi anaweza kufika Mjimwema kwanza. Wasomaji wa Dar watahesabu dakika zako, na wakiona haziwezekani hawatakuamini tena hata kwenye moyo wa mhusika.

Mwisho, jaribu kwa kukata

Rasimu ikikamilika, futa kisengerenyuma kimoja kwa wakati na usome ukurasa uliobaki. Kama uamuzi unaofuata bado unaeleweka na bado unatisha vile vile, kumbukumbu hiyo haikuwa na kazi. Kama uamuzi unakuwa wa kijinga bila kumbukumbu, iko mahali pake. Kama unaeleweka lakini hofu imepungua, angalia mahali: huenda inatakiwa isogee nusu ukurasa mbele, karibu zaidi na uamuzi.

Kisha chukua kalamu ya rangi, upige mstari chini ya kila sentensi ya zamani katika mbio nzima, utandaze kurasa mezani. Usitafute ulinganifu. Unachotaka kuona ni rangi ndogo sana mwanzoni, fungu moja kubwa mahali mhusika amejibanza, na kurasa za mwisho nyeupe kabisa. Ukiona rangi imejaa katika ukurasa wa kwanza, umeanza kueleza kabla msomaji hajauliza. Ukiiona karibu na makabiliano ya mwisho, ina maana kuna ukweli uliouchelewesha mno, na msomaji ataupokea kama kisingizio.

Mpe pia mtu asiyekijua kisa, bila kumwambia unatafuta nini, na umwombe atie alama kila alipotamani kuruka mbele. Usimuulize kwa nini, kwa maana hapo ataanza kufikiri kama mhakiki. Alama zake zikiangukia kwenye rangi, tatizo mara nyingi liko sentensi mbili kabla ya kumbukumbu, pale ambapo mbio hazikuibua swali, na hapo ndipo pa kurekebisha kabla hujaigusa kumbukumbu yenyewe.

Katika kisa chetu, kuanzia Rehema anaposhuka Kigamboni na kumkuta Idi ameketi kwenye baraza ya bibi, hakuna tena kurudi nyuma. Msomaji ameshapewa daftari, mluzi, mapigo matatu na sheria ya kivuko. Yote yako pale barazani pamoja nao, na Idi akisema tu, "Karibu, mdogo wangu, leo nimekuwahi," huna haja ya kuongeza neno.